Usomaji wa prufu

Usomaji wa prufu (pia: usahihishaji wa prufu) ni kazi ya kukagua nakala ya majaribio ya maandishi kabla ya kuchapishwa kwa wingi, ili kuondoa makosa ya tahajia, ya alama, ya tarakimu, na ya maneno yaliyorukwa au kurudiwa. Nakala hiyo ya majaribio huitwa prufu, na anayeikagua huitwa msomaji prufu.

Miongoni mwa mbinu za kazi hii, mbili zinajulikana sana: kusoma kwa sauti na kusoma kinyumenyume, yaani kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mara nyingi hutajwa pamoja kana kwamba zinafanya kazi moja, lakini sivyo. Kusoma kwa sauti hufichua makosa yaliyo *kati ya* maneno, kama upatanisho mbaya au neno lililosahauliwa. Kusoma kinyumenyume hufichua makosa yaliyo *ndani ya* neno, kama herufi zilizopishana. Kosa linalopita mbele ya mbinu moja mara nyingi hunaswa na nyingine, na yapo makosa yanayozipita zote mbili.

## Tofauti na uhariri

Mhariri hushughulikia maana. Hupanga upya aya, hufupisha sentensi, huuliza kama hoja inafuatana na kama msomaji ataielewa. Anapomaliza, andiko lile amekwisha kulisoma mara nyingi, na analijua karibu kwa moyo.

Ujuzi huo ndio unaomfanya asifae kuwa msomaji prufu wa andiko hilohilo. Akifika kwenye sentensi aliyoitengeneza mwenyewe, anakumbuka alichokusudia kiandikwe, naye hukisoma hicho badala ya kilichomo kwenye karatasi. Mwandishi ana tatizo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Ndiyo sababu nyumba za uchapishaji zilizoweza kumudu gharama zilimpa kazi hiyo mtu wa tatu, ambaye hakuwa ameliona andiko hilo kabla. Mbinu zinazoelezwa hapa zina manufaa zaidi pale ambapo mtu huyo wa tatu hayupo, na mhariri au mwandishi analazimika kulisoma andiko lake kana kwamba ni la mgeni.

## Kwa nini macho hupitiwa

Jicho la msomaji haliteleziki juu ya mstari kwa mwendo mmoja. Daktari wa macho Mfaransa Louis Émile Javal alieleza mwishoni mwa miaka ya 1870 kwamba jicho husoma kwa kurukaruka: husimama kidogo, huruka mbele, husimama tena. Kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde. Ni herufi chache tu zilizo katikati ya kituo hicho zinazoonekana kwa uwazi kamili. Zilizo pembeni huonekana kwa ukungu, na ubongo hukamilisha picha kwa kukisia kutokana na urefu wa neno, umbo lake, na maana ya maneno yaliyotangulia.

Kwa msomaji wa kawaida ukisiaji huo ni faida, kwa kuwa ndio unaomwezesha kusoma haraka. Kwa msomaji prufu ni hasara. Neno likiwa na kosa dogo katikati, huku mwanzo na mwisho wake ni sahihi, ubongo hulipokea kama neno lililotarajiwa. Maneno mafupi yanayojirudia sana huathirika zaidi, kwa sababu jicho huyaruka mara nyingi bila kuyasimamia. Mwanasaikolojia Mmarekani Alice Healy alionyesha jambo hilo mwaka 1976 kwa kuwaagiza watu watie alama kila herufi *t* katika maandishi ya Kiingereza. Waliiacha herufi hiyo mara nyingi zaidi ilipokuwa katika kineno kinachotumika kuliko vyote katika lugha hiyo, ingawa kilikuwa mbele ya macho yao kama maneno mengine.

Katika Kiswahili maneno ya aina hiyo ni *kwa*, *na*, *ya*, *wa*, *ni*, *katika*. Ni maneno yanayorudiwa au kusahauliwa kwa urahisi mwandishi anapochapa, na ndiyo ambayo jicho huyaruka.

Mbinu zote za kusoma prufu zina lengo moja: kulizuia jicho lisikisie. Kusoma kwa sauti hulizuia kwa kupunguza mwendo na kulazimisha kila neno lipite mdomoni. Kusoma kinyumenyume hulizuia kwa kuondoa muktadha, hivyo ubongo unakosa cha kukisia.

## Kusoma kwa sauti

### Mtu mmoja

Msomaji hushika prufu na kuisoma kwa sauti ya kusikika, si kwa kunong'ona wala kwa kuchezesha midomo tu. Huweka rula au karatasi tupu chini ya mstari anaousoma ili macho yasitangulie. Hutamka kila silabi, hutua penye mkato kwa kipimo kimoja na penye nukta kwa kipimo kirefu zaidi. Akisikia ulimi umejikwaa, haendelei. Huweka alama pambizoni na kurudi mwanzo wa sentensi, kwa kuwa kujikwaa ni dalili hata kama kosa lenyewe halijaonekana bado.

Makosa yanayonaswa kwa njia hii ni ya namna tatu. La kwanza ni neno lililorukwa, kwa kuwa sentensi hukatika masikioni. La pili ni neno lililorudiwa, hasa pale linapomalizia mstari mmoja na kuanza mstari unaofuata. Hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu, kwa maana kurudia neno ni sehemu ya sarufi yake: *mmoja mmoja*, *kidogo kidogo* na *mbali mbali* si makosa ya kurudia. Sikio la mzungumzaji hutambua tofauti hiyo mara moja, ilhali kikagua tahajia cha kompyuta huweza kutia alama zote sawasawa.

La tatu, na ndilo muhimu kuliko yote kwa Kiswahili, ni upatanisho wa kisarufi. Jina moja huamuru viambishi vya maneno yote yanayolifuata. Katika *viti vyote vilivyovunjika vimetengenezwa*, ngeli ya *viti* inaonekana katika maneno matatu zaidi baada ya jina lenyewe. Mwandishi akibadilisha jina wakati wa kuhariri, kwa mfano akiondoa *viti* na kuweka *meza*, huweza kusahau kubadilisha mojawapo ya maneno yanayolifuata. Kila neno katika sentensi iliyobaki limeandikwa sawa, na hakuna kamusi itakayolikataa. Lakini *meza zote vilivyovunjika zimetengenezwa* haipiti sikioni pa mtu aliyekua akizungumza lugha hii.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba mdomo nao hujua kusahihisha. Msomaji akikuta *ngombe*, hutamka *ng'ombe* bila kufikiri, kwa kuwa hakuna neno jingine analolijua lenye umbo hilo. Ritifaa iliyosahauliwa haisikiki. Vivyo hivyo herufi zinazolingana katika matamshi ya msomaji hupita bila kelele. Asiyetofautisha *l* na *r*, au *dh* na *z*, hatasikia kosa la *kula* badala ya *kura*, wala la *zamana* badala ya *dhamana*. Msomaji prufu hana budi kujua lafudhi yake inaficha nini, na sehemu hizo azikague kwa macho.

### Watu wawili

Namna ya zamani katika nyumba za uchapishaji ni ya watu wawili. Mmoja hushika muswada, yaani nakala aliyoandika au kuidhinisha mwandishi, na kuusoma kwa sauti. Mwingine hufuata kwenye prufu akiwa na kalamu. Anayesoma hutaja kila kitu kinachoonekana, si maneno tu: "herufi kubwa", "mkato", "nukta", "aya mpya", "funga mabano". Majina ya watu na ya mahali huyataja herufi moja moja, na tarakimu huzitaja moja moja pia. Hasemi "elfu kumi na mbili na mia tano" bali "moja, mbili, mkato, tano, sifuri, sifuri".

Tofauti kubwa kati ya namna hii na ya mtu mmoja ni kwamba hapa prufu inalinganishwa na kitu kingine. Msomaji aliye peke yake anauliza, "Je, hii inasomeka sawa?" Wawili wanauliza, "Je, hii ndiyo iliyoandikwa?" Swali la pili linanasa makosa ambayo la kwanza haliwezi kuyanasa hata kidogo, kama itakavyoonekana katika mfano hapa chini.

Anayeshika muswada ndiye asome, na anayeshika prufu ndiye asikilize. Ikifanywa kinyume, anayesoma prufu atasahihisha makosa kwa mdomo bila kujua, na mwenzake atasikia yaliyo sahihi.

Pale ambapo mwenzi hayupo, baadhi ya watu hutumia sauti ya kompyuta au simu. Mashine haijui mwandishi alikusudia nini, hivyo husoma *kwa kwa* mara mbili bila huruma. Ila sauti isiyotengenezwa kwa ajili ya Kiswahili hutamka maneno vibaya kiasi kwamba msikilizaji hawezi kutenganisha kosa la mwandishi na kosa la mashine.

## Kusoma kinyumenyume

Jina hili linajumuisha namna mbili zinazotofautiana, na kuzichanganya ndiko kunakofanya wengi waione mbinu hii kuwa haina faida.

### Neno kwa neno

Msomaji huanza na neno la mwisho la ukurasa, hulitazama peke yake, kisha huenda kwenye neno lililo kushoto kwake, hadi afike neno la kwanza. Wengine hutumia kadi yenye kitundu kinachotosha neno moja tu. Kwa kuwa maneno hayafuatani kwa maana, ubongo hauwezi kukisia linalokuja, na kila neno hulazimika kusomwa kwa herufi zake.

Njia hii ni nzuri kwa herufi zilizopishana, herufi iliyoachwa au kuongezwa, na ritifaa iliyosahauliwa katika *ng'*. Pia hunasa tahajia zinazoyumba katika maandishi mengi ya Kiswahili, kama *chukuwa* badala ya *chukua*, *hivo* badala ya *hivyo*, na maneno mawili yaliyounganishwa kama *kwasababu*. Katika jambo hili msomaji anahitaji kipimo kimoja cha kurejea. Tahajia sanifu ya Kiswahili iliwekwa chini ya Kamati ya Lugha ya Maeneo, iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na chapa ya kwanza ya *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981. Pale kamusi inaporuhusu maumbo mawili, kama *mswada* na *muswada*, msomaji huandika pembeni umbo lililochaguliwa na kulifuata hadi mwisho wa kazi.

Udhaifu wake ni kwamba haioni chochote kilicho kati ya maneno. Mtu anayesoma *zote*, kisha *vitabu*, hukuta maneno mawili yasiyo na doa. Neno lililorukwa pia halionekani, kwa kuwa mahali pake hapana pengo. Na neno moja likitenganishwa vibaya, kama *ili kuwa* pale palipokusudiwa *ilikuwa*, sehemu zote mbili ni maneno halali zikisomwa peke yake.

### Sentensi kwa sentensi

Katika namna ya pili msomaji huanza na sentensi ya mwisho, lakini huisoma kwa mwelekeo wa kawaida kutoka mwanzo wake hadi nukta. Kisha huenda kwenye sentensi iliyoitangulia. Sarufi ya ndani ya sentensi inabaki, lakini mtiririko wa hoja unakatika. Msomaji hachukuliwi tena na habari. Anakutana na kila sentensi kama dai linalosimama peke yake, na anaweza kuuliza kama dai hilo ni la kweli na kama limekamilika. Namna hii ni ya polepole kidogo tu kuliko usomaji wa kawaida, na mwandishi anayekagua kazi yake mwenyewe huipata kuwa rahisi kudumu nayo kuliko ile ya neno kwa neno.

## Mfano

Tuchukue tangazo lifuatalo, lililotungwa kwa ajili ya makala hii. Lina makosa tisa.

> Wazazi wa kidato cha pili mnaombwa kuhudhruia mkutano utakaofanyika katika wa shule siku ya Jumamosi, tarehe 15 Machi 2026, saa tatu asubuhi. Vitabu zote vya maktaba virudishwe kabla ya siku hiyo kwa kwa mwalimu wa zamu. Kila mzazi atachangia shilingi 20,000. Kwa wazazi 45 jumla ni shilingi 90,000, na fedha hizo zitatumika kununua ngombe mmoja wa maziwa. Mwenyekiti mpya atachaguliwa kwa kupigiwa kula. Wazazi ambao hawajalipa mchango watazuiwa kuingia mkutanoni.

Likisomwa kwa sauti na mtu mmoja, sentensi ya kwanza inakwamisha ulimi mara mbili. *Kuhudhruia* halitamkiki kwa urahisi, na *katika wa shule* inadai jina lililopotea, ambalo ni *ukumbi*. Katika sentensi ya pili *vitabu zote* inagonga sikio, na *kwa kwa* inasikika pia. Hayo ni makosa manne. *Ngombe* limepita, kwa kuwa mdomo umetamka *ng'ombe*. *Kupigiwa kula* nayo huweza kupita, kwa kuwa baada ya *kupigiwa* kila mtu anatarajia *kura*, na hilo ndilo atakalotamka.

Likisomwa kinyumenyume neno kwa neno, *kuhudhruia* na *kwa kwa* yanaonekana tena, na sasa *ngombe* inajitokeza bila ritifaa yake. Hilo ni la tano. *Kula* linaonekana, lakini ni neno sahihi la Kiswahili. *Zote* na *vitabu* hayana kasoro yakiwa peke yake, na pengo la *ukumbi* halipo tena kwa macho.

Likisomwa kinyumenyume sentensi kwa sentensi, msomaji anakutana na sentensi ya mwenyekiti ikiwa peke yake. Sentensi ni fupi, inadai jambo moja, na jambo hilo haliwezekani: hakuna anayechaguliwa kwa kula. Sentensi ya mchango nayo sasa ni hesabu tu. Mara 45 ya shilingi 20,000 ni shilingi 900,000, si 90,000. Makosa sasa ni saba.

Yaliyobaki ni mawili, na hakuna namna ya kusoma itakayoyafichua kutoka ndani ya tangazo lenyewe. Moja ni tarehe. *Jumamosi, tarehe 15 Machi 2026* inasikika vizuri, imeandikwa vizuri, na ni uongo: siku hiyo ni Jumapili. Hapa inahitajika kalenda. Kanuni ya wasomaji prufu ni kwamba kila siku ya wiki iliyoandikwa pamoja na tarehe ithibitishwe, kila jumla ijumlishwe upya, na kila nambari ya ukurasa inayotajwa ifunguliwe ukurasa wake.

Lingine ni sentensi ya mwisho. Mwandishi alikuwa ameandika *hawatazuiwa*. Herufi mbili zimeanguka, na ahadi imegeuka kuwa tishio. Sentensi iliyobaki ina sarufi safi na maana inayoaminika. Msomaji hana sababu hata moja ya kuishuku. Ni kulinganisha na muswada tu kutakakoliibua, na wawili wakisoma, mwenye prufu atasikia "hawatazuiwa" huku macho yake yakiona kitu kingine. Bila hivyo, mzazi ambaye hajalipa atasoma tangazo na kubaki nyumbani.

## Ukanushaji ulioanguka

Kosa la mwisho katika mfano huo lina historia. Mwaka 1631 wapiga chapa wa mfalme huko London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa chapa ya Biblia ya Kiingereza ambamo neno la ukanushaji liliachwa katika amri inayohusu uzinzi, katika kitabu cha Kutoka sura ya 20. Amri ikawa inaagiza kile ilichokusudia kukataza. Wapiga chapa walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni, na nakala nyingi ziliharibiwa. Zilizosalia ni chache, na hujulikana kama Biblia ya Waovu.

Katika Kiingereza lililoanguka lilikuwa neno zima. Katika Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ukanushaji kwa kawaida hukaa ndani ya kitenzi: *ha-* mwanzoni, *si-* kwa nafsi ya kwanza, au *-si-* katikati. *Usizini* ikipoteza silabi moja inakuwa *uzini*. *Wasiolipa* na *waliolipa*, *asije* na *aje*, *hakitolewi* na *kitolewi*: katika jozi hizi ni ya mwisho tu ambayo kosa lake litaonekana kama tahajia mbaya. Nyingine zote huacha neno halali. Kwa hiyo katika mikataba, maagizo ya dawa, sheria na maswali ya mitihani, msomaji prufu makini hupita mara moja zaidi akitafuta vitenzi peke yake, na kila kitenzi hukilinganisha na muswada akijiuliza kama ni cha kukubali au cha kukanusha.

## Mpangilio wa kazi

Kwa kuwa kila mbinu ina upofu wake, mpangilio wa kuzitumia una athari. Kulinganisha na muswada huja kwanza, kwa sababu ndiko kunakoweza kuonyesha aya nzima iliyoachwa. Kusoma kwa sauti hufuata. Kusoma kinyumenyume sentensi kwa sentensi huja baada ya hapo, pamoja na ukaguzi wa tarakimu na tarehe. Neno kwa neno huja mwisho, wakati hakuna tena sentensi itakayobadilishwa. Ikitangulizwa, kazi hiyo hupotea, kwa kuwa marekebisho ya baadaye yataleta maneno mapya ambayo hayajakaguliwa.

Njia ya neno kwa neno huchosha haraka, na msomaji aliyechoka hurudi kukisia bila kujitambua. Dalili yake ni kufika juu ya ukurasa bila kukumbuka kusimama kwenye neno lolote. Kwa andiko refu, wengi huitumia tu pale ambapo kosa litaonekana kuliko pengine: jalada, vichwa vya habari, majina, maelezo ya picha, majedwali na ukurasa wa kwanza. Vichwa vya habari husahaulika mara nyingi hasa kwa sababu vimeandikwa kwa herufi kubwa nene, na kila mtu hudhani mwenzake amekwisha kuviona.

Kila sahihisho ni nafasi ya kosa jipya. Katika enzi ya mashine ya Linotaipu, iliyomwaga mstari mzima wa risasi kwa pamoja, kuongeza mkato mmoja kulihitaji mstari wote upigwe upya, na mstari mpya uliweza kuja na kosa ambalo ule wa zamani haukuwa nalo. Kwa hiyo wasomaji prufu walisoma tena mstari wote uliorekebishwa pamoja na ule wa juu na wa chini yake, ili kuhakikisha pia kwamba mstari mpya umewekwa mahali pake. Kwenye kompyuta mstari haupigwi upya, lakini kishazi kilichobandikwa huacha nyuma yake *ya* isiyo na jina, nafasi mbili, au kiambishi cha ngeli iliyoondoka. Kanuni ileile inabaki: baada ya kusahihisha, sentensi nzima husomwa tena kwa sauti, kisha maneno yaliyoguswa husomwa kinyumenyume.